Slaidi nane, kisha nne
Tukipewa dakika 20 kuwasilisha Dei Verbum, hati ya Mtaguso ya mwaka 1965, tunatenga nne za maswali. Zinabaki 16. Slaidi moja hula kama dakika mbili, hivyo zinatosha nane: kichwa, sura sita na hitimisho.

Mzungumzaji aliyetangulia akila muda wetu, tukabaki na 12, tusiharakishe maneno wala kufuta maswali. Tuanze na hitimisho: waamini wasome Maandiko pamoja na Kanisa. Linabebwa na sura ya pili, ya tatu na ya sita, hizo zibaki. Ya kwanza tunaitaja kwa sentensi moja. Za Agano la Kale na Jipya zisubiri maswali. Kuruka, tunabonyeza namba ya slaidi, kisha Enter.