Kusoma ripoti ya umri wa madeni iliyoandikwa Kiingereza

Ukipewa kazi ya kufuatilia madeni ya wateja, karatasi utakayoishika kila wiki ni ile inayoitwa “A/R Aging Summary” katika QuickBooks, au “Aged Receivables Summary” katika Xero. Ni orodha ya wanaotudai pesa? Hapana, ni ya wale tunaowadai sisi, na kila deni limepangwa kulingana na umri wake.

Nianzie wapi? Anza juu kabisa, penye maneno “As of” na tarehe. Maana yake ni hali ya madeni ilivyokuwa siku hiyo. Ripoti ya tarehe 31 Agosti haioni malipo ya tarehe 2 Septemba, kwa hiyo angalia tarehe hiyo kabla hujampigia mteja simu.

Safu zina maana gani? Kila mstari ni mteja mmoja. Katika QuickBooks ya mtandaoni, “Current” ni ankara ambazo muda wake wa kulipwa haujapita, na hizo hazijachelewa. “1 - 30” ni zilizochelewa kati ya siku 1 na 30, kisha “31 - 60” na “61 - 90”. “91 and over” ni zilizochelewa siku 91 au zaidi. “Total” ni jumla ya mstari mzima, pamoja na zile zisizochelewa. Usimdai mteja “Total” yote kana kwamba imechelewa.

Siku huhesabiwa kuanzia lini? Hapa ndipo wengi huteleza. Chukua ankara ya tarehe 1 Julai iliyopewa siku 30. Mwisho wa kulipa ni 31 Julai. Kufikia 31 Agosti imechelewa siku 31, hivyo inakaa “31 - 60”. Lakini programu ikihesabu kuanzia siku ankara ilipoandikwa, ni siku 61, nayo inahamia “61 - 90”. Katika Xero tazama palipoandikwa “Ageing by”, uchague “Due date”, yaani tarehe ya mwisho ya kulipa. QuickBooks ya kwenye kompyuta nayo ina mpangilio huo, “Age from due date”, ndani ya “Preferences”, sehemu ya “Reports & Graphs”.

Sasa tusome mstari mmoja. Tuseme kampuni yako ya Tanzania inafanya usafi katika hoteli kwa shilingi 2,000,000 kwa kila ankara. VAT tuiache pembeni. Mstari wa hoteli hiyo, tarehe 31 Agosti, unasomeka hivi:

| Current | 1 - 30 | 31 - 60 | 61 - 90 | 91 and over | Total |
|---|---|---|---|---|---|
| 2,000,000 | -1,900,000 | 2,000,000 | 0 | 100,000 | 2,200,000 |

Kwa haraka, hoteli inaonekana imechelewesha milioni mbili na laki moja. Bofya kila namba, ankara na malipo yaliyo nyuma yake yatafunguka.

Namba yenye alama ya kutoa si deni. Ni malipo yaliyoingia Agosti, lakini aliyeyapokea hakuyaunganisha na ankara yoyote. Kwa hiyo ankara ya Julai bado inaonekana haijalipwa, na pesa yake imekaa peke yake safu ya jirani. Thibitisha kwenye taarifa ya benki na kwa hoteli kwamba malipo hayo ni ya ankara hiyo, kisha mwombe mhasibu ayaunganishe. Akishayaunganisha, “31 - 60” inabaki na 100,000 tu.

Hiyo 100,000 imetoka wapi? Ni asilimia 5 ya 2,000,000. Hoteli imekata kodi ya zuio kwenye huduma, ili iipeleke TRA kwa niaba yako. Ile 100,000 ya “91 and over” huenda ni hiyo hiyo, ya ankara ya zamani. Usidai fedha hapa. Dai cheti cha kodi ya zuio cha kila ankara, kwa sababu bila cheti kampuni yako itashindwa kuonyesha kuwa kodi hiyo imeshalipwa. Cheti kikifika, mhasibu ahamishie kiasi hicho kwenye akaunti ya kodi ya zuio, nalo deni litafutika kwenye ripoti.

Kama ni hivyo, basi hoteli hiyo haina fedha iliyochelewesha. Ina vyeti viwili vya kuleta, na milioni mbili ambazo siku yake haijafika.

Kabla ya kuandika barua ya madai au kumsimamishia mteja huduma, fuata mpangilio huo: tarehe ya ripoti, namba zenye alama ya kutoa, masalio ya asilimia 5, kisha kilichobaki. Hicho kilichobaki ndicho cha kudai, ukianzia safu ya “91 and over”.