“Baada ya saa 8”: Usomapo bahasha ya dawa yenye maana mbili

Ndugu msomaji, huenda wewe ndiwe unayeitwa na majirani kuwasomea bahasha za dawa, au unawatafsiria wagonjwa kituoni. Leo tujifunze juu ya maneno machache ambayo huandikwa mara nyingi kwenye bahasha ya dawa mseto ya malaria: “Dozi ya pili baada ya saa 8.”

Chukua mfano huu. Mtoto mwenye kilo 12 amepimwa, ana malaria, na amepewa vidonge 6 vya dawa mseto, kidonge kimoja kwa kila dozi. Kidonge cha kwanza amemeza kituoni saa 4 asubuhi. Mama anarudi nyumbani na bahasha, anakuomba umsomee. Je, kidonge cha pili ni saa ngapi?

Mtu mmoja atasema: ikishapita saa nane mchana, mpe. Mwingine atasema: hesabu saa nane tangu kidonge cha kwanza, yaani saa 12 jioni. Wote wawili wamesoma Kiswahili sawasawa. Neno “saa” hutaja saa ya siku, na pia hutaja muda unaopita. Tena wapo ndugu zetu, hasa waliosoma Kongo kwa Kifaransa, ambao saa nane kwao ni ile inayoonyeshwa na namba 8 kwenye saa ya mkononi. Hao wataelewa saa mbili ya usiku.

Usijaribu kumaliza jambo hili kwa kuhesabu vidonge. Watu wengi hufanya hivyo, na kwa kujua idadi ya vidonge hesabu husaidia kweli: vidonge 6, kimoja kimoja, ni dozi sita. Lakini ukimpa saa nane mchana au saa 12 jioni, vidonge vinavyobaki ni vilevile vinne. Hesabu haikuambii lolote juu ya saa.

Kwa dawa mseto jibu linajulikana. Ni muda wa saa nane tangu dozi ya kwanza. Mtoto wetu atameza cha pili saa 12 jioni, kisha kesho saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na keshokutwa vivyo hivyo. Kila mara apewe pamoja na chakula au maziwa, kwa maana dawa hii huingia mwilini vizuri ikiwa na mafuta kidogo. Akitapika kabla ya saa moja kupita, yaani dakika 60, arudie kidonge hicho, na mama arudi kituoni kuomba kingine cha kujazia. (Umeona? Hata “saa moja” imetulazimu kuifafanua.)

Lakini jibu hili ni la dawa mseto tu. Bahasha ya dawa nyingine ikiandikwa hivyo hivyo, usilihamishe. Mwambie mwenye dawa waziwazi: “Maneno haya yana maana mbili. Yaweza kuwa saa nane mchana, yaweza kuwa saa 12 jioni. Mimi sijui aliyeandika alikusudia ipi.” Kisha chukua kalamu, uandike pembeni saa zote mbili na alama ya kuuliza. Usifute maandishi ya kituo. Mwambie pia yale yasiyo na shaka, kwamba ni kidonge kimoja na kwamba maana zote mbili hazimruhusu kukimeza kabla ya saa nane mchana. Basi hadi hapo ana nafasi ya kurudi kwenye dirisha la dawa.

Huko dirishani asiulize, “Ni saa nane, siyo?” Mhudumu mwenye foleni ndefu ataitikia “ndiyo”, na mama atarudi na shaka ileile. Aulize: “Dozi ya pili nimpe wakati gani, jua likiwa wapi?” Akijibiwa “jua likizama”, maana moja imeondoka. Saa hiyo iandikwe kwenye bahasha.

Wewe unayetafsiri una kazi ngumu zaidi. Ukimweleza mgonjwa kwa Kirundi au Kibembe, utalazimika kuchagua maana moja, na yeye hatajua kamwe kwamba palikuwa na nyingine. Kwa hiyo msimamishe muuguzi kabla hujatafsiri: “Samahani, unasema saa nane mchana, au muda wa saa nane?”

Na kama mtoto ameanza degedege, hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu au haamki, liacheni swali la bahasha. Mpelekeni kituoni mara moja, na bahasha ile mwende nayo.