Mshahara wa Chini Umepanda: Je, Ile Miezi Uliyokwisha Kufanya Kazi?

Dada unayefanya kazi za nyumbani Kenya, huenda una pesa zako zimekaa kwa mwajiri na hakuna aliyekwambia. Kima cha chini cha mshahara kikipanda na wewe ukaendelea kulipwa kiwango cha zamani, tofauti ya kila mwezi ni deni lako. Hivi ndivyo linavyohesabiwa na kudaiwa.

1. Usihesabu kuanzia hotuba, hesabu kuanzia Gazeti la Serikali

Hapa ndipo wengi huteleza. Rais hutangaza nyongeza Mei mosi uwanjani, lakini kinachomfunga mwajiri ni agizo la mishahara linalochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na ndani yake mna tarehe ya kuanza kutumika. Tarehe hiyo inaweza kurudi nyuma au kusogea mbele.

Mwaka 2022 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza asilimia 12. Agizo lilichapishwa Julai, ila likasema nyongeza inaanza Mei 1. Waliokuwa wamelipwa Mei na Juni kwa kiwango cha zamani wakawa wanadai tofauti ya miezi hiyo miwili, hata kama walishapokea mshahara na kuutumia.

Mwaka 2024 mambo yakawa tofauti. Rais William Ruto alitangaza asilimia 6 Mei 1, lakini agizo likaanza kutumika Novemba 1, 2024. Anayedai kiwango kipya cha Mei hadi Oktoba mwaka huo anadai kisichokuwepo, na mwajiri akiliona kosa hilo atalitumia kulitilia shaka dai lote. Kwa hiyo, kabla ya kushika kalamu, uliza ofisi ya leba ya kaunti: agizo lilianza tarehe ngapi?

2. Jua uko eneo gani, na unalala wapi

Agizo lina viwango vitatu kulingana na mahali. Miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu iko juu, miji midogo inafuata, na maeneo mengine yako chini kabisa. Yaya na mtumishi wa nyumbani wamo katika kundi moja na mfagiaji na mtunza bustani. Katika miji mikubwa kundi hilo lilikuwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi tangu Mei 2022, kisha 16,113.75 tangu Novemba 2024. Mama fua wa kutwa asijione yuko nje, maana jedwali lina kiwango cha siku na cha saa pia.

Halafu kuna malazi. Ukilala kwako na kuja asubuhi, unastahili marupurupu ya nyumba, asilimia 15 juu ya kima hicho. Ukilala kwa mwajiri, hiyo asilimia 15 huipati kwa sababu amekupa mahali pa kulala, lakini kima chenyewe hakishuki. "Si unakula na kulala hapa?" si hesabu ya kisheria. Sheria ya Ajira inataka mshahara ulipwe kwa fedha.

3. Piga hesabu vipindi viwili, usivichanganye

Tuchukue dada mmoja wa Mombasa. Anaingia saa moja asubuhi, anatoka jioni, analala kwake Kisauni. Ameajiriwa Januari 2024 kwa shilingi 14,000 kwa mwezi, zote pamoja, na hadi mwisho wa Aprili 2025 hakuna kilichobadilika.

Kipindi cha kwanza ni Januari hadi Oktoba 2024. Kima ni 15,201.65, ukiongeza nyumba 2,280.25 inakuwa 17,481.90. Toa 14,000, inabaki 3,481.90 kila mwezi. Kwa miezi kumi ni 34,819.

Kipindi cha pili ni Novemba 2024 hadi Aprili 2025. Kima kipya 16,113.75 na nyumba 2,417.06 vinafika 18,530.81. Pungufu ni 4,530.81 kwa mwezi, na kwa miezi sita ni 27,184.86.

Jumla ni shilingi 62,003.86. Tazama kwamba sehemu kubwa ya deni haikuletwa na nyongeza ya 2024. Huyu dada alikuwa analipwa chini ya kima tangu siku ya kwanza. Nyongeza ilimfungua macho tu. Nawe angalia nyuma, usianzie pale mshahara ulipopanda.

4. "Tulikubaliana" haitoshi kufuta deni

Hili hunikera, kwa sababu linawanyamazisha watu wenye haki. Mwajiri husema, "Ulikubali elfu kumi na nne mwenyewe." Ulikubali, ndiyo, lakini makubaliano yaliyo chini ya kima cha chini hayana nguvu mbele ya kima hicho. Hata mkataba ulioandikwa na kusainiwa unasomwa kana kwamba kima cha chini kimeandikwa humo. Kama mkataba unasema marupurupu ya nyumba yamo ndani ya mshahara, sawa, ila jumla lazima ifikie kima pamoja na asilimia 15.

5. Kusanya ushahidi ulio nao tayari

Ukilipwa kwa M-Pesa, taarifa ya akaunti yako inaonyesha tarehe, kiasi na jina la aliyetuma. Iombe kupitia *334#. Ukilipwa mkononi, anza daftari leo, na kila ukipokea mtumie mwajiri ujumbe mfupi: "Asante madam, nimepokea 14,000 za Machi." Akijibu, umepata ushahidi.

Usihofu kwa kuwa huna mkataba. Ni kazi ya mwajiri kuandika masharti ya ajira na kuyatunza, na shauri likifika mahakamani akashindwa kuyatoa, mzigo wa kukanusha unachosema unamwangukia yeye.

6. Anza na karatasi moja, kisha leba

Andika hesabu yako kwenye ukurasa mmoja, vipindi viwili kama hapo juu, umpe mwajiri kwa heshima. Wapo wasiojua kabisa kwamba agizo lilitoka, na mnaweza kukubaliana kulipana kwa awamu. Akikataa, nenda kwa afisa wa leba wa kaunti, ambaye anaweza kumwita mwajiri. Chama cha KUDHEIHA nacho husimamia wafanyakazi wa nyumbani. Ikishindikana, anayelipwa chini ya 80,000 kwa mwezi hufungua kesi kwa hakimu. Kupeleka malalamiko si sababu halali ya kukufukuza.

Muda uangalie sana. Sheria inatoa miaka mitatu tangu dai lilipozuka, na kila mwezi una tarehe yake, kwa hiyo miezi ya zamani hudondoka mmoja mmoja. Ukishaacha kazi, usipitishe mwaka mmoja, kwani kwa madai yanayojirudia mwajiri anaweza kudai kwamba muda wako ni miezi 12 tu tangu yalipokoma. Kuzungumza na afisa wa leba hakusimamishi saa hiyo.

7. Soma kabla ya kusaini

Siku ya kulipwa unaweza kupewa karatasi inayosema umelipwa kila kitu na huna dai lingine. Kama umepewa sehemu tu, andika kwa mkono wako juu ya sahihi: "Nimepokea 20,000, ni sehemu ya malimbikizo ya Januari 2024 hadi Aprili 2025, salio 42,003.86." Piga picha karatasi hiyo kabla ya kuirudisha.