Somo la hesabu: Kama kinu si chenu chote, sehemu ya wenzenu iandikwe wapi?

Wengi wanaojua mto chini ya Kisangani wanajua shamba la michikichi la Lokutu. Ni la kampani PHC. Mwaka 2009 Unilever iliuza hisa zake za PHC kwa Feronia, kampani iliyouza hisa zake katika soko la Kanada. Lakini Feronia haikupata yote: ilipata kama asilimia 76, na asilimia 24 hivi zilikuwa za Serikali ya Kongo. Feronia ndiyo iliyoamuru, kwa hiyo katika hesabu za kundi lake iliingiza michikichi yote na vinu vyote vya PHC. Sasa ile asilimia 24 ya Serikali iliandikwaje?

Jambo hili linaweza kufika hata kwenu, siku umoja wa ushirika unapofungua kampani ya kinu pamoja na wafanyabiashara. Tuchukue mfano wa kufunza tu. Umoja wa wakulima wa mpunga unatoa dola 60.000, wafanyabiashara wanatoa 40.000. Kampani ya kinu inaanza na mtaji wa dola 100.000. Umoja una asilimia 60, ndio unaochagua viongozi wa kinu. Umoja ni mama, kinu ni mtoto wake, na wale wafanyabiashara ni wanahisa wachache wasioamuru.

Hatua ya kwanza: unganisheni vitu vyote vya kinu, si asilimia 60 tu. Mashini moja haikatwi vipande. Anayeiamuru anaiandika nzima, na madeni ya kinu vilevile yote.

Hatua ya pili: ondoeni zile dola 60.000 ambazo umoja uliandika kama hisa zake ndani ya kinu. Mashini zimekwisha kuingia. Mkiacha na hisa, mmehesabu mali ileile mara mbili.

Hatua ya tatu: zile 40.000 za wafanyabiashara ziandikwe kwenye mizania (ile watu wanaita bilani) upande wa mtaji, kwa mstari wake peke yake, chini ya mtaji wa wanaushirika. Msiziweke kwenye madeni. Deni lina siku ya kulipwa. Hawa hawana haki ya kudai mtaji wao warudishiwe siku fulani. Ni wenye mali pamoja nanyi.

Sasa mwaka unapita. Kinu kinapata faida ya dola 20.000, kinagawa 10.000. Katika hesabu za kundi, faida yote 20.000 inaonyeshwa, halafu chini yake inagawanywa: 12.000 ya umoja, 8.000 ya wanahisa wachache. Gawio la 6.000 lililoingia kwa umoja linafutwa kwenye mapato, kwa sababu ni sehemu ya faida iliyokwisha kuhesabiwa. Gawio la 4.000 la wafanyabiashara limetoka kabisa ndani ya kundi, basi linapunguza mstari wao:

40.000 + 8.000 − 4.000 = 44.000

Hakikisheni kwa njia nyingine. Kinu kilianza na 100.000, kikaongeza 20.000, kikatoa 10.000: kimebaki na 110.000. Asilimia 40 yake ni 44.000. Njia hizi mbili zisipokutana, kuna kosa. Mara nyingi mhasibu amesahau gawio, au ametoa asilimia 40 kwenye faida ya kundi zima badala ya faida ya kinu peke yake.

Na kama kuna hasara? Hasara nayo inagawanywa vilevile. Tuseme mwaka unaofuata kinu kinapoteza dola 130.000. Mali yake halisi inashuka hadi 20.000 chini ya sifuri, na mstari wa wachache unakuwa 8.000 chini ya sifuri. Zamani, kwa kanuni za kimataifa, hasara iliyopita sehemu ya wachache ilibebeshwa mama. Tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2008, mstari huo unaachwa uende chini ya sifuri. Lakini haina maana kwamba wafanyabiashara watalipa hizo 8.000. Mwenye hisa hupoteza alichoweka, isipokuwa alitia saini kubeba zaidi.

Hapa ndipo mkutano mkuu hugombana. Mwanaushirika anaona «faida 20.000» na kuuliza makuta yake yako wapi. Mwonyesheni mstari wa chini: 12.000 tu ndizo za umoja, na kati ya hizo ni 6.000 tu zilizofika kwenye kasha la umoja. Zilizobaki ziko ndani ya kinu. Ili zitoke kama gawio, lazima kinu kigawe, na kila mara kinapogawa dola 6 kwenu, dola 4 zinakwenda kwa wenzenu. Msikopeshe wala msiahidi juu ya jumla ya juu.