Siku za Kazi Zahesabiwaje?

Ndugu zetu wa vikundi, tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama washonao sare kule Kayole. Wameandikiana na shule kwamba sare zitafika katika siku 15 za kazi, kuanzia Jumatatu tarehe 26 Mei 2025, na kila siku ya kuchelewa itakatwa shilingi 500. Wamefikisha mzigo Jumanne tarehe 17 Juni. Je, wamechelewa?

Kuhesabu kwa vidole juu ya kalenda ya ukutani huleta ubishi, maana mmoja anaanza na siku ya kwanza, mwingine anairuka. Kompyuta ya saiba inaweza kuhesabu, iwe ni kwa Excel, LibreOffice au Google Sheets. Weka tarehe ya kuanza katika kisanduku A2, na ya kumaliza katika B2. Kisha andika mahali pengine:

```
=NETWORKDAYS(A2,B2)
```

Jibu ni 17. Fomula imeruka Jumamosi na Jumapili, na imehesabu siku ya kwanza na ya mwisho pia. Lakini sikukuu zetu haizijui hata moja. Hizo ni lazima tuziandike wenyewe, tuseme katika D2 na D3, halafu tuiambie itazame huko:

```
=NETWORKDAYS(A2,B2,D2:D3)
```

Hapa ndipo wengi hukosea. Kati ya tarehe zile mbili kulikuwa na Madaraka, tarehe 1 Juni, na Idd-ul-Adha, ambayo serikali ilitangaza iwe sikukuu Ijumaa tarehe 6 Juni. Mtu akiandika 1 Juni na 6 Juni, anapata 16, na akina mama wanakatwa shilingi 500. Kumbe mwaka huo 1 Juni iliangukia Jumapili! Fomula ilikuwa imeshairuka kama Jumapili, kwa hiyo kuiandika hakukupunguza chochote. Sheria ya Sikukuu za Umma ya Kenya inasema sikukuu ya taifa ikiangukia Jumapili, basi siku inayofuata ambayo si sikukuu ndiyo ya kupumzika. Yaani Jumatatu tarehe 2 Juni. Ukiandika 2 Juni na 6 Juni jibu linakuwa 15, na sare zimefika kwa wakati. Kwa hiyo kabla ya kuandika sikukuu yoyote, tazama kwanza imeangukia siku gani. Na orodha usiifunge mwezi wa Januari, kwa sababu Idd hufuata mwezi na hutangazwa siku zikikaribia.

Kuna mtego mwingine, huu haupigi kelele. Kompyuta nyingine zimepangwa kusoma tarehe kwa Kimarekani, mwezi kwanza. Ukiandika 26/05/2025 itashindwa, kwani hakuna mwezi wa 26, nayo itakuonyesha #VALUE!, hapo utajua kuna shida. Lakini ukiandika 02/06/2025 itaipokea vizuri tu, ikidhani ni tarehe 6 Februari, na sikukuu yako haitapunguzwa. Sisi huandika hivi, ambapo haiwezi kukosea:

```
=DATE(2025,6,2)
```

Haya, na Jumamosi je? Huku Eastlands cherehani hazilali Jumamosi, na mafundi wengi hulipwa siku hiyo hiyo jioni. Ikiwa mapatano yanasema Jumamosi ni siku ya kazi, fomula ya kwanza haifai. Tumia hii, ambayo namba 11 huiambia kwamba siku ya kupumzika ni Jumapili peke yake:

```
=NETWORKDAYS.INTL(A2,B2,11,D2:D3)
```

Sasa jibu ni 18, kwa sababu Jumamosi tatu zimeingia: 31 Mei, 7 Juni na 14 Juni. Akina mama wale wale, mzigo ule ule, lakini sasa wamechelewa siku tatu na wanakatwa shilingi 1,500. Kompyuta haijui ni hesabu ipi mliyokubaliana. Swali hilo liulizwe siku ya kutia sahihi, wala si siku ya kupeleka mzigo: Jumamosi inahesabiwa? Na siku ya kwanza, je? Mkikubaliana kwamba siku ya kutia sahihi haihesabiwi, toeni moja, ikiwa siku hiyo yenyewe ilikuwa ya kazi.

Na mkitaka kujua mapema tarehe ya mwisho, geuzeni hesabu. Fomula ya WORKDAY hairudishi siku ya kuanza ndani ya hesabu, kwa hiyo siku 15 zikiwa pamoja na ile ya kwanza, andikeni 14:

```
=WORKDAY(A2,14,D2:D3)
```

Itawapa 17 Juni 2025. Ikionekana namba ndefu kama 45825 msishtuke, ni tarehe hiyo hiyo; badilisheni tu mpangilio wa kisanduku uwe wa tarehe.