Kiwanda Kikifilisika, Mkulima wa Pamba Hulipwa Baada ya Nani?

Katika msimu wa 2019 bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei katika soko la dunia iliposhuka, baadhi ya wakulima wa Simiyu walikaa muda mrefu wakisubiri fedha za pamba waliyokwisha kuikabidhi. Kuchelewa ni jambo moja. Hapa tunaeleza jambo zito zaidi: mnunuzi akifilisika kabisa, nani hulipwa kwanza?

Tuchukue mfano wa kubuni wa kampuni yenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Kampuni hiyo imekopa katika benki mbili. Benki ya kwanza imeshika kiwanja, jengo na mashine za kuchambulia. Hiyo ni dhamana mahususi: mali inajulikana moja moja, na kampuni haiwezi kuiuza bila idhini ya benki. Benki ya pili imeshika marobota ya nyuzi, mbegu, vipuri na fedha ambazo wateja wanadaiwa na kiwanda. Mali hiyo haitulii. Robota la leo kesho limeuzwa na jingine limeingia ghalani. Ndiyo maana dhamana yake huitwa dhamana inayoelea. Kampuni huruhusiwa kuendelea na biashara kama kawaida mpaka itakaposhindwa kulipa au kuanza kufilisiwa. Hapo dhamana hutua, na kushika kila kilichopo siku hiyo, pamoja na nyuzi zilizotokana na pamba ambayo mkulima hajalipwa.

Sasa kampuni inafilisiwa. Mali ya dhamana mahususi imeuzwa kwa shilingi milioni 420, na benki ya kwanza inadai milioni 500. Inachukua zote, na milioni 80 zilizobaki zinakuwa deni lisilo na dhamana. Mali inayoelea imeleta milioni 300 baada ya kuondoa gharama za ufilisi. Benki ya pili inadai milioni 250, lakini haichukui kwanza. Sheria inawatanguliza wafanyakazi, kwa sehemu ya mishahara yao, na Serikali, kwa baadhi ya kodi. Tuseme madai hayo ni milioni 60. Zinabaki milioni 240, ambazo benki inazichukua zote na bado inadai milioni 10. Wakulima wanaodai milioni 90 hawapati hata senti. Wengi hudhani kwamba aliyeleta pamba ndiye mwenye haki zaidi juu ya robota, lakini sheria haitazami jasho. Hutazama nani alijiwekea dhamana.

Hata hivyo, dhamana yenyewe ina sharti. Chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002, dhamana za aina hizi inapasa ziandikishwe kwa Msajili wa Kampuni, yaani BRELA, ndani ya siku 42 tangu zilipowekwa. Isipoandikishwa, dhamana haina nguvu mbele ya mfilisi na wadai wengine, ingawa deni lenyewe halifutiki. Turudi kwenye mfano wetu: kama benki ya pili haikuandikisha, ile milioni 240 ingegawanywa kwa uwiano baina ya wadai wote wasio na dhamana, yaani benki ya pili yenye madai ya milioni 250, benki ya kwanza yenye 80 na wakulima wenye 90. Jumla ya madai ni milioni 420, hivyo kila mmoja angepata sehemu nne kati ya saba za anachodai. Mkulima aliyekabidhi kilo 1,000, anayedai shilingi 1,200,000, angepata takribani 685,000. Kwa hiyo viongozi wa chama cha msingi wasione haya kuomba, kwa ada, taarifa za kampuni kutoka BRELA kabla ya msimu. Daftari la dhamana huonyesha nani ameshika nini. Likionyesha kwamba kila kitu kimekwisha kushikwa, hiyo si sababu ya kumkataa mnunuzi, kwani viwanda vingi huendeshwa kwa mikopo. Ni sababu ya kutomkopesha.

Nguvu halisi ya muuzaji iko ghalani, kabla lori halijaondoka. Maadamu pamba ingali mikononi mwa chama na hakuna makubaliano ya kuuza kwa mkopo, sheria ya mauzo ya bidhaa inamruhusu muuzaji asiyelipwa kuizuia mpaka alipwe. Ikishakabidhiwa, haki hiyo ya kuizuia hukoma. Na hata mkataba ukisema kwamba pamba ni mali ya chama hadi bei ilipwe, ni vigumu kuitambua mara inapochanganywa na ya wengine na kupita mashineni. Kwa sababu hiyo swali la kumuuliza mnunuzi anapofika na lori ni moja: fedha zimekwisha kuingia katika akaunti ya chama, au zinaahidiwa?