Kila ninayemuuliza kuhusu kazi yake anadhani naomba ajira

Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Mkuyuni, Morogoro Vijijini. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa CBG, na nasubiri matokeo. Nafikiria kusomea kilimo niwe bibi shamba, ila sitaki kuomba chuo kwa kubahatisha. Nilimfuata bibi shamba wa kata ya jirani nikamuuliza kama kazi yake inalipa na kama ajira zipo. Akanijibu, "Ajira hakuna mdogo wangu, kasomee kitu kingine." Nikampigia mtumishi mmoja wa halmashauri, naye akaniambia nimtumie vyeti. Sikuomba kazi, Shangazi! Baba anasema wasomi wa kilimo wamejaa mtaani. Nifanyeje watu hawa wanieleze ukweli wa kazi yao?
Anayetaka Kujua, Mkuyuni

Mwanangu, umefanya jambo ambalo vijana wengi hawalifanyi, kwenda kwa mwenye kazi kabla ya kwenda chuoni. Kilichokukwamisha ni swali. Kwetu hapa, kijana akimfuata mtumishi na kumuuliza kama ajira zipo, mtumishi husikia ombi. Anajua hana nafasi ya kukupa, kwa hiyo anakukatisha tamaa mapema au anakuomba vyeti ili mazungumzo yaishe. Wala hakukudanganya. Alijibu alichokisikia.

Anza upya, na safari hii funga mlango wa ajira wewe mwenyewe tangu salamu. Tuma meseji, usibipu. Iwe hivi: "Shikamoo. Naitwa fulani, wa Mkuyuni, nimemaliza kidato cha sita. Siombi kazi wala msaada wa fedha. Nataka kuamua kama nisomee kilimo, na ningependa kukuuliza siku yako ya kazi inavyokwenda. Naomba dakika 20, siku na mahali utakapopanga." Kama kuna mtu anayemfahamu, mtaje. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki, kisha muache.

Usianze na mkubwa wa idara. Yeye atakueleza sera, na miaka mingi imepita tangu alipovaa buti. Mtafute aliyeajiriwa miaka miwili au mitatu iliyopita, maana bado anakumbuka chuo kilimfundisha nini na katani akakutana na nini. Wa pili awe amekaa kazini muda mrefu. Wa tatu, na huyu ni muhimu sana kwako kwa sababu ya maneno ya baba, awe amesomea kilimo na hakuajiriwa serikalini: anauza pembejeo mjini, yuko kwenye kampuni ya mbegu, au analima mwenyewe.

Mkikaa, usiulize kama kazi ni nzuri. Utajibiwa kwamba ni ya wito. Uliza: "Jana ulifanya nini tangu asubuhi mpaka jioni?" Tuseme amekujibu, "Nilitembelea wakulima." Usiandike hilo ukaridhika. Wangapi? Kwa usafiri gani? Mwaka 2022 Serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani. Muulize kama anayo, mafuta anapataje, na mvua ya masika ikinyesha kwenye miteremko ya Uluguru anafikaje vitongoji vya juu. Muulize alipofika shambani alimkuta mkulima na tatizo gani, akamwambia nini, na kama mkulima alifuata. Kisha uliza juzi. Huenda juzi hakwenda shambani kabisa, alikuwa ofisini anaandika taarifa ya mwezi au anasajili wakulima wa mbolea ya ruzuku. Siku mbili zilizoelezwa hivyo zitakuonyesha ni kiasi gani cha kazi hii ni shamba na ni kiasi gani ni karatasi na vikao, na hapo ndipo wengi waliosoma kwa kupenda mimea huanza kuchoka.

Swali jingine ambalo Uluguru halikwepeki: "Mkulima akikataa ushauri wako unafanya nini?" Wewe ni wa huko, unajua. Miaka ya 1950 wakoloni waliwalazimisha watu wa milimani kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 Matombo ikalipuka kwa upinzani mpaka mpango ukaachwa. Bwana shamba anayezungumzia matuta leo anazungumza na wajukuu wa watu wale. Msikilize anavyojibu. Akikusimulia alivyomwomba mkulima mmoja ajaribu kipande kidogo tu, na majirani wakaja kutazama, amekuonyesha ufundi wenyewe wa kazi, na unaweza kujiuliza kama una subira hiyo. Akilalamika tu kwamba wakulima ni wabishi, mwache aendelee, lakini muulize na wengine wawili swali hilohilo.

Mshahara usiuulize moja kwa moja. Muulize mtu anayeanza na stashahada na anayeanza na shahada wanatofautiana vipi kwa cheo, kazi na kipato. Atakueleza bila kuona haya, na jibu lake linakugusa, kwa sababu mwenye stashahada huanza kama Afisa Kilimo Msaidizi, na njia yake inaweza kupitia chuo kama MATI Ilonga kule Kilosa badala ya SUA. Mwisho muulize: "Ungekuwa mimi, ungesoma nini?" na "Nani mwingine nizungumze naye?" Jina atakalokupa lina thamani kuliko namba kumi za kuokota.

Dakika 20 zikiisha, sema zimeisha. Akitaka kuendelea, ataendelea mwenyewe. Andika kwenye daftari siku hiyohiyo. Ukimaliza watu watatu, linganisha majibu yao: jambo walilolisema wote bila kuulizwa, mfano usafiri au taarifa, ni la kazi yenyewe. Alilolisema mmoja tu linaweza kuwa la kata yake au la bosi wake. Yule bibi shamba aliyekuambia ajira hakuna ni sauti moja. Usimpuuze, ila usimfanye hakimu.

Kuna jambo moja naliweka wazi kwa sababu wewe ni binti. Kutaneni ofisini au mahali pa watu, mchana, na ukitaka nenda na ndugu. Mtu akianza kukuahidi kukuingiza kazini, au akitaka mkutane gesti au usiku, mazungumzo yamekwisha, ondoka. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2007, na TAKUKURU wanapokea taarifa. Anayedai hela ili "apitishe jina" naye ni tapeli. Ajira hizi hutangazwa na Sekretariati ya Ajira, na maombi hufanywa mtandaoni.

Una bahati ya mahali ulipo. Mwanzoni mwa Agosti maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Mashariki hufanyika hapo Morogoro mjini, na maafisa wa halmashauri, watafiti, SUA na wauza mbegu husimama kwenye mabanda wakingoja mtu wa kuwauliza. Nenda siku za katikati, asubuhi, kabla umati haujajaa, na usiende siku ya kilele maana wote watakuwa wanamngoja mgeni rasmi. Kwenye banda huwezi kupata dakika 20, lakini utapata namba na ahadi ya siku. Dirisha la kwanza la maombi ya vyuo vikuu kwa kawaida hufunguliwa Julai, kwa hiyo wale watatu wa kwanza zungumza nao kabla, Nane Nane iwe ya kuziba mapengo. Na baba mchukue siku ya kuonana na yule asiyeajiriwa serikalini. Akae mbele yake amuulize mwenyewe hao waliojaa mtaani wanakula nini.